Pensheni ya ughaibuni, matumizi ya nyumbani: ulipwe moja kwa moja, ubadili mwenyewe, au uchukue mkupuo?

Ukishautaarifu mfuko wa pensheni kwamba unarudi nyumbani kwa kudumu, utaletewa fomu. Katikati ya maswali ya anwani na tarehe ya kuzaliwa lipo swali moja fupi: tukulipe wapi, na kwa fedha ipi? Wengi hulijibu haraka, kwa kuandika namba ya akaunti iliyo karibu, kisha huishi na jibu hilo miaka 20. Wengine hukutana na swali zito zaidi: unataka pensheni ya kila mwezi, au ukabidhiwe zote kwa mkupuo?

Nitalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni mlipaji kukubadilishia na kuingiza fedha ya nyumbani kwenye akaunti yako. Ya pili ni kupokea kwa fedha ya kigeni na kubadili mwenyewe kwa mafungu. Ya tatu ni mkupuo. Zote tatu zina watu zinaowafaa, na nimeona zote tatu zikiwaumiza watu zisiowafaa.

Vipimo vya kutumia

Kipimo cha kwanza ni gharama halisi, na hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Gharama ya kubadili fedha ina sehemu mbili. Kuna ada inayoandikwa kwenye risiti, na kuna pengo lisiloandikwa popote: tofauti kati ya kiwango cha kati cha soko na kiwango ulichopewa wewe. Kiwango cha kati ni kile kilicho katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na benki kuu ya nchi hutangaza wastani wake kila siku ya kazi. Ikiwa kiwango cha kati ni 130 kwa dola 1 na wewe umebadilishiwa kwa 126, umekatwa 4 katika kila 130, yaani kama asilimia 3. Kwa pensheni ya dola 1,000 hizo ni takriban dola 31 kila mwezi, zaidi ya dola 365 kwa mwaka, hata kama risiti inasema "hakuna ada". Mwaka wangu wa kwanza niliangalia ada tu. Nilipokaa na karatasi na kugawa kilichoingia kwa kilichotumwa, ndipo nilipoona fedha zilikokuwa zikienda.

Kipimo cha pili ni hatari ya kiwango cha ubadilishaji: nani anaibeba, na inauma upande gani. Tumezoea kuogopa fedha ya nyumbani ikishuka. Lakini mwenye pensheni ya kigeni huumia moja kwa moja pale fedha ya nyumbani *inapoimarika*, kwa sababu dola zilezile zinanunua kidogo. Mwezi Januari 2024 dola 1 ilikuwa inabadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Februari serikali iliuza hati mpya za dhamana nje ili inunue sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive mwezi Juni, hofu ya soko ikatulia, na kufikia Aprili kiwango kilikuwa karibu na 130. Pensheni ya dola 1,000 iliyokuwa 160,000 ikawa 130,000. Imepungua kwa karibu asilimia 19, na mfuko wa pensheni haujakata hata senti.

Kipimo cha tatu ni shughuli na udhibiti: utahitaji kufanya nini kila mwezi, na itakuwaje ukiugua au ukipoteza kumbukumbu. Cha nne ni kinachobaki kwa familia ukifariki.

Kabla ya kulinganisha, uliza jambo moja kwa maandishi: je, pensheni yangu itaendelea kuongezwa kila mwaka nikiwa nje? Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa ukiishi Uingereza, katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Uswisi, au nchi chache zenye mkataba wa hifadhi ya jamii unaoruhusu hilo. Ukiwa Kenya, Tanzania au Uganda inaganda: unabaki na pauni zilezile ulizoanza nazo kwa muda wote utakaoishi huko. Pensheni ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kwa wale wanaostahili kulipwa nje, huendelea kupata nyongeza ya gharama za maisha. Tofauti hii inabadilisha hesabu yote. Kwa mwenye pensheni iliyoganda, kushuka kwa fedha ya nyumbani ndiyo nyongeza pekee anayopata, na kwa kawaida inakuja pamoja na mfumuko wa bei unaoila.

Njia ya kwanza: mlipaji akubadilishie

*Gharama.* Hapa huchagui kiwango. Mlipaji au benki anayoitumia hubadili siku ya malipo, na pengo linaweza kuwa dogo sana au kubwa sana. Baadhi ya mifuko mikubwa ya serikali hupata viwango vizuri kwa sababu hubadili fedha za watu wengi kwa pamoja. Mifuko midogo ya waajiri mara nyingi hutuma kupitia benki zao za kawaida bila kujadili bei. Njia ya kujua ni moja tu: malipo matatu ya mwanzo, chukua kiwango cha kati cha siku ile na ulinganishe. Pengo likiwa chini ya asilimia 1, tulia. Likiwa asilimia 3 au 4 mfululizo, fikiria njia ya pili.

Kuna mtego mmoja mahususi. Mfuko unaweza kutuma dola au pauni kwenda kwenye akaunti yako ya shilingi ukidhani unakusaidia. Hapo anayebadili ni benki inayopokea, kwa kiwango chake na saa yake, na wakati mwingine kuna benki ya kati iliyokwishakata ada yake njiani. Ukiona kiasi kilichoingia hakilingani na hesabu yoyote, uliza nani amebadili.

*Hatari.* Unaibeba yote, lakini inagawanyika katika miezi 12 ya mwaka. Hubadili zote siku mbaya wala siku nzuri. Ukijumlisha miezi yote, unapata kiwango cha wastani. Tatizo ni kwa mwenye matumizi yasiyopungua: kodi ya nyumba, marejesho ya mkopo, karo. Mapato yanapanda na kushuka, madeni hayashuki.

*Shughuli.* Ndogo mno, na hii ndiyo nguvu yake kubwa. Kazi yako ya lazima ni uthibitisho wa kuwa hai. Mifuko mingi hutuma fomu hiyo kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, isainiwe na ofisa anayekubalika, irudishwe kabla ya tarehe. Isiporudi, malipo yanasimama. Barua za kawaida hupotea, kwa hiyo uliza mapema kama fomu inaweza kupakuliwa mtandaoni, na andika mwezi wake kwenye kalenda ya mtu wa pili ndani ya familia.

*Kwa familia.* Pensheni hukoma au hugeuka kuwa ya mjane, mgane au watoto kulingana na kanuni za mfuko. Malipo yatakayoingia baada ya kifo hudaiwa yarudishwe, kwa hiyo familia isiyatumie kwa mazishi kabla ya kutoa taarifa.

Inamfaa mtu ambaye karibu matumizi yake yote yako nyumbani, hana mtu wa kumsaidia mambo ya benki, na pengo la kiwango chake ni dogo.

Njia ya pili: pokea fedha ya kigeni, badili mwenyewe

Fedha hukaa ama kwenye akaunti uliyoiacha ughaibuni, ama kwenye akaunti ya fedha za kigeni katika benki ya nyumbani. Nchi nyingi huruhusu ya pili, lakini si zote zinaruhusu kuitoa kwa uhuru. Uliza kama unaweza kutoa au kutuma dola zako nje bila kibali, maana akaunti ya dola isiyotoka dola ni akaunti ya shilingi yenye jina zuri.

Akaunti ya ughaibuni nayo ina udhaifu wake. Baadhi ya benki hufunga akaunti ya mtu asiye tena mkaazi, na taarifa huenda kwenye anwani ya zamani. Waambie mwenyewe kabla hujaondoka, wakujibu kwa maandishi. Kutumia anwani ya ndugu ukijifanya bado uko huko kunaweza kukufungia akaunti siku ileile unayoihitaji.

*Gharama.* Sasa unaweza kulinganisha watoa huduma, na kwa kawaida pengo linapungua. Ila kuna ada mpya: ada ya kupokea fedha kutoka nje, ambayo mara nyingi ni kiasi kimoja bila kujali ukubwa wa malipo. Tuseme ni dola 20. Ukilipwa kila mwezi ni dola 240 kwa mwaka, ukilipwa kila robo mwaka ni 80. Baadhi ya mifuko hukuruhusu kuchagua. Pensheni ya serikali ya Uingereza, kwa mfano, inaweza kulipwa nje kila wiki 4 au kila wiki 13. Kwenye fomu ya kutuma utaona herufi `OUR`, `SHA` au `BEN`. `OUR` ina maana mtumaji analipa ada zote, `SHA` mnagawana, `BEN` zote zinakatwa kwako. Uliza mfuko wako unatumia ipi.

*Hatari.* Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wanaochagua njia hii wengi huamini wameikimbia hatari. Wamepewa tu usukani.

Chukua mstaafu wa mfano aliyerudi Kenya mwezi Oktoba 2023, dola 1 ikiwa karibu shilingi 150. Pensheni yake ni dola 1,000, mahitaji yake ya lazima ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Kila mwezi anabadili zinazotosha mahitaji na kubakiza dola 200 au zaidi, akisubiri kiwango kipande zaidi. Kinapanda kweli, hadi 160. Anajiona ameshinda, anaendelea kusubiri 170. Kufikia Aprili 2024 yuko 130. Dola alizobakiza bado ni zilezile, lakini kila 1,000 alizoweka zimepoteza shilingi 30,000 tangu Januari. Jirani yake wa njia ya kwanza, aliyekuwa akiweka akiba ya shilingi ziada yote iliyobaki kila mwezi, ana shilingi zaidi kuliko yeye.

Sasa geuza picha. Misri, tarehe 6 Machi 2024, benki kuu iliacha soko lipange bei ya pauni ya Misri, na ndani ya siku moja kiwango kikatoka karibu 31 kwa dola hadi takriban 50. Aliyekuwa na akiba ya dola aliokoka. Aliyekuwa na akiba ya pauni alipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake kwa dola, na bei za bidhaa zinazotoka nje zikamfuata.

Kutokana na hayo nimejiwekea utaratibu ninaouamini. Kwanza, bajeti ya mwezi naipanga kwa kiwango cha chini ya kile cha leo: nachukua wastani wa miezi 12 iliyopita na kupunguza asilimia 15. Mstaafu wetu, tuseme kwa wastani wa 150, angepanga maisha kwa 127.5. Mahitaji yake ya 120,000 yangetoshelezwa, na anguko la 2024 lisingemgusa. Aliyepanga kwa 155 na kujifunga na mkopo kwa hesabu hiyo angekuwa na upungufu wa zaidi ya shilingi 20,000 kila mwezi. Pili, matumizi ya miezi 6 yanakaa kwa fedha ya nyumbani, kwa sababu ndiyo fedha ninayonunulia chakula. Tatu, kinachozidi hapo kinakaa kwa fedha ya kigeni. Nabadili siku moja maalumu ya mwezi, nikiwa na furaha au sina. Anayengoja kiwango kizuri hana siku ya kuacha kungoja.

*Shughuli.* Ni nyingi kuliko njia ya kwanza. Kuna nywila, simu za uthibitisho, na maswali ya benki kuhusu chanzo cha fedha. Weka barua ya mfuko inayoonyesha kiasi cha pensheni, utaitwa kuionyesha. Na kuna udhaifu mmoja ambao hatupendi kuuzungumza: ujumbe wa uthibitisho ukiwa unaenda kwenye namba ya simu ya ughaibuni iliyokatwa, fedha zipo na huwezi kuzigusa. Badilisha namba kabla ya kuondoka.

*Kwa familia.* Salio ni mali ya mirathi. Lililo ughaibuni hufuata taratibu za mahakama za huko, na inaweza kuchukua miezi mingi. Usiache huko zaidi ya kile familia inaweza kukisubiri.

Inamfaa mwenye matumizi ya pande mbili, kama vile mtoto anayesoma nje au matibabu ya kurudi kila mwaka, na mwenye uwezo wa kufuatilia mambo bila kuchoka.

Njia ya tatu: mkupuo

Si kila mtu ana uchaguzi huu. Pensheni ya serikali ya Uingereza au hifadhi ya jamii ya Marekani huwezi kuigeuza yote kuwa mkupuo. Kwa upande mwingine, wengi waliofanya kazi Ghuba hawana uchaguzi wowote isipokuwa huu: katika Falme za Kiarabu sheria imezoeleka kuwapa wafanyakazi wa kigeni kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Ujerumani nayo, kwa kawaida, asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai michango yake baada ya miezi 24 ya kuwa nje, na anarudishiwa sehemu aliyokatwa yeye, si ya mwajiri.

*Gharama.* Ukubwa wa kiasi ni nguvu ya kujadiliana. Benki inayotoa pengo la asilimia 3 kwa dola 500 inaweza kushuka chini ya asilimia 1 kwa dola 50,000, mradi uombe bei kwa meneja wa fedha za kigeni wala si dirishani. Omba kwa benki mbili, siku moja, saa moja. Gharama nyingine ni kodi ya kule fedha inakotoka. Mkupuo unaweza kukusukuma kwenye daraja la juu la kodi kwa mwaka ule mmoja, kwa hiyo uliza mwaka gani wa kodi utahesabiwa na kama kuna mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili.

*Hatari.* Hapa hatari yote inajikusanya kwenye siku moja. Dola 60,000 zilizobadilishwa Kenya mwezi Januari 2024 zilikuwa karibu shilingi milioni 9.6. Miezi mitatu baadaye zingekuwa milioni 7.8. Hakuna aliyejua. Dawa yake ni kutenganisha kazi za fedha. Zile za kulipa kiwanja au deni mwezi huu badili leo, kwa sababu deni lako limeshapangwa kwa fedha ya nyumbani. Zilizobaki zigawe katika mafungu 12, ubadili moja kila mwezi.

Waliolipwa riyali ya Saudia au dirhamu ya Falme za Kiarabu wajue kwamba fedha hizo zimefungwa kwa dola, riyali kwa 3.75 tangu 1986 na dirhamu kwa 3.6725 tangu 1997. Kuhamisha akiba kutoka dirhamu kwenda dola hakukupunguzii hatari, kunakuongezea ada.

Kwa mwenye uchaguzi, kuna hesabu ya kupima bei ya mkupuo. Tuseme unapewa dola 60,000 ukiacha dola 400 za kila mwezi. Gawa: 150, yaani miezi 150, miaka 12 na nusu. Ukistaafu ukiwa na miaka 60 na afya njema, unauza mapato ambayo huenda ungeyahitaji ukiwa na miaka 80. Pensheni ikiwa inaongezwa kila mwaka, bei hiyo ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana. Ikiwa imeganda, ni nafuu kidogo.

*Shughuli.* Kubwa mwanzoni, kisha hakuna fomu ya uhai wala kusubiri. Ila kazi inahamia nyumbani: wewe sasa ndiye mfuko wa pensheni, na ndugu wote wanajua fedha imefika. Sisemi hili kwa kuwalaumu ndugu. Mapato ya kila mwezi yana mpaka unaoeleweka, mkupuo hauna.

*Kwa familia.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Kilichobaki ni chao chote.

Inamfaa mgonjwa asiyetarajia miaka mingi, mwenye deni la riba kubwa la kumaliza, na mwenye pensheni ndogo ambayo ada za kila mwezi zingeimaliza.

Kwa hali yako

Kama pensheni ndiyo mapato yako pekee na kila kitu unakilipia nyumbani, anza na njia ya kwanza, pima pengo kwa malipo matatu, na weka akiba ya miezi 6 kabla ya kujifunga na mkopo wowote.

Kama bado una karo, matibabu au watoto kule, bakiza fedha ya kigeni inayotosha majukumu hayo kwa mwaka mmoja na ubadili zilizobaki kila mwezi. Hapo huchezi bahati nasibu, unalipa deni la dola kwa dola.

Kama nchi yako ina viwango viwili, cha benki na cha mitaani, vinavyotofautiana sana, usibadili zaidi ya mahitaji ya mwezi. Pengo kama hilo lilikuwepo Misri kabla ya Machi 2024, na limekuwa ishara ya kwanza ya kushuka kwa ghafla katika nchi nyingi.

Kama pensheni yako imeganda na una miaka mingi mbele, hesabu bajeti ya miaka 10 ijayo kwa pauni zilezile za leo. Ikishindwa kutosha, sehemu ya mkupuo unaoruhusiwa kutoka mfuko mwingine inunue kitu kinacholeta kodi ya pango au mavuno kwa fedha ya nyumbani.

Kama umeshapita miaka 75 na uko njia ya pili, anza kuhamia njia ya kwanza ungali na nguvu. Kubadilisha maelekezo ya malipo kunaweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na mfuko utataka saini yako, si ya mtoto wako.